Nyimbo za Kumuaga Shoga



Mwezi uliopita tulikusanyika katika nyumba moja ya Al Hail, hapa Maskati, mashoga saba, kwa kazi iliyoonekana nyepesi. Shoga yetu wa nane anahamia Toronto. Mumewe keshapata kazi, watoto wawili wamo vyuoni huko, na nyumba imeshapata mnunuzi. Kusema kwamba "anasafiri" ingekuwa kujidanganya, kwa sababu anayesafiri huacha vyombo vyake jikoni, na yeye alikuwa keshaanza kutugawia masufuria. Basi tukaamua kumfanyia usiku wa kumuaga, na kila mmoja wetu akaja na kaseti zake na santuri alizorithi, tuchague nyimbo za urafiki za kuimbiwa siku hiyo.

Neno "shoga", kwa wasomaji wetu wa kwingineko, tunalitumia kwa maana yake ya Unguja: mwanamke aliye rafiki wa mwanamke mwenzake. Hatuna neno jingine litakalokaa mahali pake.

Tulianza baada ya sala ya alasiri tukidhani mpaka magharibi tutakuwa na nyimbo kumi. Mpaka isha tulikuwa na nyimbo mbili, na moja tulikuwa hatujakubaliana. Hapo ndipo tulipoanza kuulizana: sisi tuliolelewa na taarabu, ambao hatukupika wala hatukushona bila ya taarabu, inakuwaje tukose wimbo wa kumuaga rafiki? Makala haya yametoka katika swali hilo. Yanahusu historia zaidi kuliko sherehe, kwa sababu jawabu tulilipata nyuma.

Tuanze na neno lenyewe. "Rafiki" limetujia kutoka Kiarabu, na asili yake ni mwenzi wa njiani, mtu uliyefuatana naye katika safari. Waarabu husema umtafute rafiki kwanza kabla ya kuitafuta njia. Kwa hivyo, kwa asili ya neno, rafiki ni yule anayekwenda pamoja nawe. Yule anayekwenda akakuacha neno lenyewe halimjui, na hapo tayari pana tatizo kwa anayetaka kutunga wimbo.

Lakini wazee wetu waliishi kwa kuachana. Jahazi zilizotoka Matrah na Sur zilishuka Unguja na kaskazi, baina ya Disemba na Machi, na zilirudi Arabuni na kusi, kuanzia Aprili. Upepo ndio uliokuwa kalenda. Mtu aliyemuaga mwenzake kwa kusi alijua kwamba, akijaaliwa uzima, atamtazamia na kaskazi. Ndiyo maana katika nyimbo za zamani za pwani upepo, chombo, tanga na nanga havikuwa mapambo. Vilikuwa ahadi. Ukimwimbia mtu kuhusu kusi umeshamtajia na siku ya kurudi bila ya kuisema. Wakati wa kuachana ulijulikana, na kwa hivyo wimbo uliweza kuwa mwepesi. Nyimbo nyingi tulizozikuta katika kaseti zetu zina tabia hiyo: mwimbaji analalamika lakini anajua msimu utageuka. Ndege ya Toronto haina msimu. Inaruka kila wiki, na kwa kuwa inaruka kila wiki hakuna siku ambayo mtu analazimika kurudi.

Hilo ni jambo la kwanza. La pili linahusu taarabu yenyewe, na hapa tunataka kukaa kidogo.

Kikundi cha taarabu cha Unguja kilicho kikongwe kuliko vyote kilichobaki mpaka leo ni Ikhwani Safaa, kilichoundwa mwaka 1905 na vijana wa mjini. Kwa muda kilijulikana kwa jina la Malindi, baada ya mapinduzi, na jina la kale likarudi baadaye. Wengi wetu tumelitamka jina hilo maisha yetu yote bila ya kulisikiliza. Maana yake ni ndugu wa nia safi, marafiki wasio na doa baina yao. Hapo zamani lilikuwa ni jina la kundi la wanafalsafa wa Basra, katika karne ya 10, na wataalamu waliolichunguza wanaona kwamba hao wa Basra walilitoa katika kitabu cha Kalila na Dimna, ambacho Ibn al-Mukaffa alikitia katika Kiarabu katika karne ya 8. Humo mna kisa cha njiwa mwenye kidani shingoni, na kisa hicho kinaanza kwa kuuliza habari za ndugu wa nia safi, namna urafiki wao unavyoanza na faida wanayopeana.

Kisa chenyewe kinafaa kusimuliwa, maana hakuna kinachoeleza vizuri zaidi mkusanyiko wetu. Njiwa walinaswa katika wavu wa mwindaji. Kila mmoja alikuwa akitapatapa peke yake mpaka mkubwa wao, yule mwenye kidani, alipowaambia waruke pamoja. Wakaruka, wakaunyanyua wavu, wakaenda nao mpaka kwa panya aliyekuwa rafiki yake. Panya alipoanza kumtafunia kamba, njiwa akamwambia aanze na wenzake, asije akachoka akawaacha wao. Kunguru aliyekuwa akitazama yote hayo akatamani urafiki wa panya, na baada ya kuogopana sana wakawa marafiki. Kisha, na hili ndilo lililotuvutia, kunguru akaona pahali pale hapamfai tena, akaamua kuhamia kwa rafiki yake kobe, penye maji na chakula. Panya alikuwa na sababu zake za kutopapenda pale. Kunguru akamshika mkia akaruka naye. Huko kwa kobe akaja na swala, wakawa wanne.

Kwa hivyo jina la kikundi chetu kikongwe limetoka katika kisa cha marafiki waliohama. Aliyekuwa na mbawa alimbeba asiyekuwa nazo. Lakini kikundi hicho hapo mwanzo kiliimba kwa Kiarabu, nyimbo zilizotoka Misri, na wasikilizaji wengi walifurahia sauti bila ya kufuata maneno. Urafiki ulikuwa katika jina la kikundi na katika namna wanachama walivyoishi, haukuwa katika mashairi.

Aliyeifanya taarabu iseme lugha ya watu wote alikuwa Siti binti Saad, mtoto wa Fumba, aliyekwenda Bombay mwaka 1928 na wenzake kurekodi santuri kwa Kiswahili. Tangu hapo msikilizaji aliweza kujiuliza: huyu anaimbiwa nani? Na hapa pana jambo la lugha ambalo sisi, tunaoishi baina ya Kiswahili na Kiarabu kila siku, tunaliona waziwazi. Kiarabu hakiwezi kumwambia mtu "wewe" bila ya kuonyesha kama ni mwanamume au mwanamke. Kiswahili kinaweza. "Wewe", "yeye", "mpenzi", "muhibu", "mwandani", "mwenzangu", maneno yote hayo hayana mume wala mke. Shairi la Kiswahili linaweza kuimbwa mwanzo mpaka mwisho na asijulikane mpenzi huyo ni mchumba, mume, mtoto, au shoga aliyekaa mkeka mmoja nawe.

Hili lilikuwa ndilo jawabu la nusu ya swali letu. Nyimbo za urafiki hatukuzikosa. Zimo ndani ya nyimbo za mapenzi, na mama zetu walizitumia hivyo. Mwanamke alipomwimbia shoga yake kwamba moyo wake haupati usingizi kwa kumkumbuka, hakuna aliyeshangaa. Ndiyo maana tulipokuwa tunatafuta kaseti yenye neno "rafiki" katika jina lake tulikuwa tunatafuta mlango ambao nyumba hiyo haina.

Nusu ya pili ni ngumu zaidi, nayo ni hatari. Taarabu inaimbwa kwa mafumbo, na fumbo halimalizwi na mtunzi. Linamalizwa na anayetunza. Wasomaji wanajua mambo yanavyokuwa: mwimbaji anapofika penye mstari uliomgusa mtu, mtu huyo huinuka na noti yake, hutembea taratibu kwa kufuata ngoma, na kumpa mwimbaji. Ukumbi mzima haumtazami mwimbaji tena. Unamtazama aliyeinuka, na unafuata macho yake yanakwenda kwa nani. Mstari uliotungwa kwa ajili ya mchumba wa mtu miaka mingi iliyopita, usiku huo unakuwa barua kutoka kwa fulani kwenda kwa fulani. Vikundi vya wanawake vya Unguja, kama Nuru l-Uyuni na Sahibu l-Ari, vilipata umaarufu kwa kushindana namna hiyo, na wimbo mmoja uliweza kuvunja urafiki wa miaka.

Katika usiku wa kuaga hatari hiyo inazidi, kwa sababu kila neno la kuachwa linamwelekea mtu mmoja. Tulijifunza hivyo kwa nyimbo tatu tulizozipima siku ile.

Wa kwanza ulikuwa mzuri sana, wa mtu anayeomboleza kwa kuwa mwenzake ameondoka. Tuliupenda mpaka tukafika ubeti wa mwisho. Watunzi wa taarabu wana desturi ya kuuficha mwiba nyuma: beti za mwanzo zinabembeleza, na wa mwisho unahukumu. Ubeti huo ulikuwa unasema kwamba mwenye kuondoka kapata wengine. Tukaufuta. Tangu hapo tukaweka kanuni, wimbo usikilizwe kuanzia nyuma.

Wa pili haukuwa na lawama yoyote, lakini mmoja wetu alisema, "Mstari huu nani atautunza?" Tukatazamana. Ulikuwa mstari wa kusamehe. Kuna wawili miongoni mwetu waliowahi kukosana na shoga yetu, jambo la zamani, lilikwisha. Lakini akiinuka mmoja wao pale penye kusamehe, basi limefufuka mbele ya wageni mia. Na asipoinuka yeyote, itakuwa hivyo hivyo. Wimbo ukaachwa, ijapokuwa hauna kosa.

Wa tatu ulikuwa wa kusifu urafiki kwa uwazi, bila ya fumbo, na huo ulikuwa mkavu. Ulifaa kusomwa shuleni. Mwenye nyumba aliuzima kabla haujafika kati.

Alikuwa amekaa pembeni muda wote huo mama wa mmoja wetu, Bi Mkubwa wa miaka zaidi ya themanini, na tulidhani amelala. Akasema, "Wanangu, mnatafuta nyimbo za kuagana. Sisi wengine hatukuagana."

Kila nyumba yetu hapa ina hadithi ya aina hii, lakini ya kwake hatukuwahi kuisikia nzima. Mapinduzi ya Unguja yalikuwa tarehe 12 Januari 1964. Baada ya muda kidogo walioweza kuondoka waliondoka, wengi kwa siri, kwa mashua na kwa ngalawa kuelekea Tanga na Mombasa, na aliyeaga aliwaweka hatarini yeye na aliyemuaga. Bi Mkubwa alikuwa na shoga yake mtaa wa pili, na walikuwa wamegawana doti moja ya kanga, kila mmoja upande wake, kama walivyokuwa wakifanya wasichana waliopendana. Usiku alioondoka hakumwambia. Alifunga mlango kwa nje ili majirani wadhani wamelala shamba. Miaka mingi baadaye, hapa Maskati, aliambiwa na mtu kwamba yule shoga alikuja asubuhi akagonga, akarudi mchana akagonga, na siku ya pili akagonga tena. Hawakuonana tena duniani. Upande wake wa kanga Bi Mkubwa anao mpaka leo, sandukuni, na hajawahi kuuvaa.

Baada ya 1970, Sultani Qaboos aliposhika nchi na kuwaita Waomani walio nje warudi, watu wetu walikuja mmoja mmoja kutoka Mombasa, Dar es Salaam, Kairo, Dubai na Ulaya. Tulifika kila mtu na mji aliopitia. Ndipo taarabu ilipoanza kusikika Maskati katika harusi na katika vyumba vya kukaa, na ndipo tulipokuwa na mashoga wapya. Lakini nyimbo tulizokuja nazo zilikuwa zimekatika pahala. Zilijua kuachana kwa msimu, kabla ya 1964, na zilijua kuachana kwa wapenzi. Kuachana kwa waliohama mara moja, wakatulia, kisha mmoja akahama tena kwa hiari yake, mchana kweupe, na tiketi mkononi, hizo hazikujua. Kwa umri wetu, huyu shoga yetu ndiye wa kwanza kuagwa kwa utulivu. Baada ya kulifahamu hilo tulikubaliana kwamba zile nyimbo mbili za zamani ziimbwe, na mmoja tuutunge wenyewe.

Kutunga si kazi ya kuogopesha kama mtu anajua kuhesabu. Mstari wa kawaida wa shairi letu una vipande viwili, kila kipande mizani nane, yaani silabi nane, jumla kumi na sita. Vipande vya mwanzo vinafanana mwisho wake, na vipande vya pili vinafanana mwisho wake. Ubeti una mistari mitatu au minne. Tulichagua minne. Kina cha kati tukachagua "ri", kwa sababu ya safari, na cha mwisho "vyo".

Mstari wa kwanza ulipatikana upesi, kwa kuwa tulikuwa tumezungumzia asili ya neno rafiki. Wa pili ulifuata. Wa tatu ndio uliotupa tabu. Aliyetunga kwanza alikuja na huu: "Waenda bila shauri, hivi ndivyo utendavyo." Tuhesabu: wa-e-nda bi-la sha-u-ri, nane. Hi-vi ndi-vyo u-te-nda-vyo, nane. Vina vimekaa. Kwa mizani ni mstari safi, na kwa maana ni kisu. Aliyeutunga alijitetea kwamba alikuwa anatania, na pengine alikuwa anatania, lakini sote tulijua kwamba shoga yetu alitwambia habari za Toronto baada ya kila kitu kuamuliwa, na kwamba hilo lilituuma. Mizani haikukosea. Mioyo yetu ndiyo iliyosema kabla hatujaiuliza. Tulinyamaza kidogo, kisha aliyeutunga mwenyewe akaukata kwa kalamu.

Tukajaribu tena: "Huko wendako kwa heri, Mola akupe utakavyo." Maana imenyooka. Lakini Mo-la a-ku-pe u-ta-ka-vyo ni mizani tisa. Kwenye karatasi jicho linaweza kupita. Kwenye ngoma haiwezekani: mwimbaji analazimika kuimeza silabi moja, na dumbaki limeshatangulia. Kipande kikipungua mwimbaji anaweza kukivuta, kikizidi kinamkaba. Ndipo tukabadilisha kipande cha pili.

Bi Mkubwa hakulipenda neno "kwaheri". Alisema kwake yeye ni neno la kufunga. Mmoja wetu akamwonyesha kwamba tumeliandika mbali mbali, "kwa heri", yaani kwa wema, nenda na wema, na kwamba wazee waliposema kwa heri ya kuonana walikuwa wanaomba warudi kuonana. Tukahesabu, kwa heri ya kuonana, nane barabara. Maneno ya kila siku ya mlangoni ni kipande kamili cha shairi. Tukalifanya kiitikio.

Mstari wa nne ulikuwa bado. Tulikuwa tunazunguka kwenye dua na kwenye bahari. Bi Mkubwa akasema, "Semeni mlango. Mimi wangu niliufunga." Ubeti ukawa huu:

Rafiki ni wa safari, ndivyo neno lisemavyo,
Tulivuka nawe shwari, na mawimbi yapigavyo,
Huko wendako kwa heri, na upate utakavyo,
Mlango uko tayari, wazi kama uachavyo.

Wajuzi watatwambia kwamba si ubeti wa kushinda mashindano, na tunakubali. Mtu anayeuhesabu akumbuke kwamba "m" ya mlango ni mizani peke yake. Ulipatiwa wenziwe wawili, tusiowaandika hapa kwa sababu wamejaa mambo yetu ya ndani.

Upande wa sauti tulifanya kama walivyofanya waliotutangulia, ambao hawakuona haya kuchukua sauti ya Misri au ya filamu ya Kihindi wakaitia maneno ya Kiswahili. Tulichukua sauti ya zamani ambayo kila mtu mle ndani angeijua. Mpiga udi wetu alitaka tuiimbe kwa Hijazi, na sisi tukakataa. Hijazi ingeupeleka ukumbi kwenye machozi kabla ya maneno kufika. Tukaomba Rasti, ambayo inasimama wima, tuwaachie maneno kazi yao.

Usiku wenyewe ulikuwa na udi, fidla moja, kinanda na dumbaki. Tulianza kwa bashrafu, kama ada, wageni wakae na kahawa na halua zao. Zile nyimbo mbili za mapenzi zikaimbwa na zikatunzwa na kila mtu, na hakuna aliyeuliza mpenzi ni nani. Wimbo wetu tuliuweka wa tatu, kabla ya chakula, wala hatukuuweka mwisho. Tulihofia kwamba wimbo wa mwisho wa usiku huwa ndio hukumu, na tulitaka baada yake watu wale, wacheke, wagombanie viti.

Mistari mitatu ya mwanzo ilipita na noti mbili tatu. Ulipofika wa mlango aliyeinuka alikuwa ni shoga yetu mwenyewe, anayeagwa. Kwa kawaida anayeimbiwa hukaa. Aliinuka na noti yake, akamkaribia mwimbaji, akampita, akaenda mpaka pale alipokaa Bi Mkubwa na kumuwekea mapajani. Hakuna aliyekuwa amemweleza mstari ule umetoka kwa nani. Bi Mkubwa aliishika ile noti, akaikunja mara nne, akaitia ndani ya mkoba wake.

Ameshafika Toronto sasa, na ametuandikia kwamba baridi haijaanza. Msomaji anayetaka kuutumia ubeti wetu autumie. Abadilishe mstari wa pili kwa mambo yaliyowapata yeye na mwenzake, ahesabu nane kwa nane, na ausikilize kuanzia nyuma kabla ya kuufikisha kwa watu. Wa nne tunamuomba auache ulivyo.